Uzi: Homa yenye kamasi na homa isiyo na kamasi, ipi ya kupima malaria na apimwe lini?

Mlangowazi
Wakuu, naombeni msaada. Nyumbani nina wagonjwa wawili kwa mpigo.

Wa kwanza ni mtoto wa miaka minne. Homa imeanza jana, kamasi zinachuruzika, anapiga chafya na kukohoa. Akipewa parasetamoli homa inashuka na anarudi kucheza.

Wa pili ni shemeji. Amerudi wiki iliyopita baada ya kukaa siku kumi sehemu yenye malaria nyingi. Tangu juzi usiku anatetemeka, kichwa kinamgonga, mgongo na viungo vinamuuma, ametapika mara mbili. Hana kamasi, hakohoi, koo halimuumi. Jana asubuhi alipimwa kwa kipimo cha haraka cha kidoleni, akaambiwa hana malaria.

Hapa tunapoishi malaria ipo ila si nyingi. Watu wote nyumbani wanasema ni mafua yanazunguka, mtoto kamwambukiza mjomba wake. Mimi sijaridhika. Ni dalili gani za mwanzo zinatenganisha haya mawili, na lile jibu la jana linatosha?

Kengele
Mkuu, malaria haijifichi. Inakuja kwa vipindi: siku moja homa kali na kutetemeka, siku inayofuata mtu mzima kabisa, siku ya tatu inarudi. Halafu mdomo unakuwa mchungu, chakula hakipiti. Kama homa ya shemeji ni ya kila siku, hiyo si malaria. Na kipimo kimeshasema hana. Mpe maji mengi apumzike, mafua yataisha yenyewe.

Mtu_wa_Maabara
Kengele, vipindi unavyovisema vipo, ila havipo siku za mwanzo. Ndani ya damu, vimelea vya falsiparamu, aina mojawapo ya malaria, huchukua takribani saa 48 kukua ndani ya chembe nyekundu na kuipasua, na homa hupanda pale zinapopasuka nyingi kwa pamoja. Mwanzoni vimelea haviendi kwa hatua moja. Kundi hili linapasua asubuhi, lile jioni, lingine usiku. Matokeo yake ni homa ya kila siku, inayopanda na kushuka ovyo, au isiyoshuka kabisa. Kwa falsiparamu, ambayo ndiyo inayoua, wagonjwa wengi hawafikii ule mpangilio wa siku moja ndiyo siku moja hapana. Anayeusubiri ndipo apime anaweza kuusubiri hadi mgonjwa azimie. Mdomo mchungu nao ni wa homa yoyote ile.

Mlangowazi, sasa kwenye swali lako. Homa, baridi, kichwa, maumivu ya mwili na uchovu havitenganishi chochote, maana magonjwa yote mawili yanavyo. Hata kutetemeka hadi meno yagongane, mafua makali ya virusi yanaweza kukufanya hivyo. Kinachosaidia ni kuangalia njia ya hewa. Mafua hukaa puani, kooni na kifuani, kwa hiyo ndani ya siku moja au mbili lazima yaache alama huko: kamasi, chafya, koo kukwaruza, kikohozi kikavu. Malaria haitoi kamasi wala haiumizi koo. Mtu mwenye homa ya siku mbili na pua kavu, koo zima, kifua kimya, huyo huwezi kumwita wa mafua kwa sababu tu kuna mwenye mafua nyumba hiyo hiyo.

Kinyume chake hakina nguvu hiyo. Kamasi zinaonyesha mafua yapo, lakini haziondoi malaria. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na kwa watoto malaria yenyewe huweza kuja na kikohozi, kutapika au kuharisha.

Jambo la pili ni kalenda, na kwa shemeji yako kalenda inasema mengi kuliko dalili. Alifika huko kama siku 17 zilizopita, akaondoka kama siku 7 zilizopita. Homa imeanza juzi. Kwa hiyo kama aliumwa na mbu mwenye vimelea, ilikuwa kati ya siku 5 na siku 15 kabla ya homa. Vimelea huenda kwanza kwenye ini na kukaa huko karibu wiki nzima bila dalili yoyote, ndipo vinaingia kwenye damu. Homa ya falsiparamu kwa kawaida huanza kati ya siku ya 9 na ya 14 baada ya kuumwa. Sehemu kubwa ya siku alizokaa huko inaangukia humo. Angekuwa ameingia eneo la malaria siku tatu tu kabla ya homa, na hajawahi kuishi penye malaria, ningekwambia malaria haiwezekani, tafuta kingine. Mafua nayo huchukua siku 1 hadi 4 toka kuambukizwa.

Ukitazama tena, shemeji ameanza homa juzi usiku, mtoto jana. Sasa nani kamwambukiza nani?

Kuhusu jibu la jana: halitoshi. Arudi kupima leo.

Bi_Subira
Hivi vipimo mimi sina imani navyo. Nilimeza dawa mseto nikamaliza dozi zote, homa ikaisha. Baada ya wiki mbili nikapata mafua, nikapimwa, eti bado nina malaria. Nikameza tena dozi nzima. Sasa kama kinamsingizia asiye nayo, si kitamkosa aliye nayo? Ningekuwa mimi ningempa shemeji dawa ya malaria tu bila kupima, yaishe.

Mtu_wa_Maabara
Bi Subira, la kwako ni tatizo lingine, na lina maelezo yake. Vipimo vingi vya haraka haviangalii kimelea chenyewe. Vinaangalia protini ambayo falsiparamu huimwaga ndani ya damu. Dawa ikishaua vimelea, ile protini inabaki ikizunguka kwa wiki kadhaa. Kipimo kinaiona na kuchora mstari, ingawa hakuna kimelea hai hata kimoja. Ndiyo maana mtu akipata homa ndani ya mwezi baada ya kutibiwa malaria, apimwe kwa darubini. Darubini inaonyesha vimelea vyenyewe kwa macho, na mpimaji huvihesabu. Mwambie mapema kwamba umetibiwa hivi karibuni na lini, maana hawezi kulijua hilo kwa kukutazama.

Kwa shemeji hali ni ya upande wa pili. Kipimo cha haraka kinahitaji vimelea kama 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu ili kichore mstari kwa uhakika. Mtu ambaye hana kinga, kwa mfano anayeishi mahali penye malaria kidogo, mwili wake unaweza kupandisha homa vimelea vikiwa bado chini ya hapo. Alipimwa saa chache baada ya homa kuanza. Mzunguko mmoja zaidi wa vimelea, idadi huongezeka mara kadhaa, na kipimo kilichokuwa cheupe jana kinachora leo.

Na hata darubini inaweza kudanganywa. Falsiparamu ikishakomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya viungo, haizunguki. Ukichukua damu ya kidoleni saa hiyo unaweza kukosa. Kwa sababu hiyo mtu mwenye kila sababu ya kuwa na malaria haachwi kwa jibu moja. Anapimwa tena baada ya saa 12 hadi 24, na mara ya tatu kabla saa 72 hazijaisha tangu kipimo cha kwanza. Yote matatu yakisema hapana, na yamefanywa vizuri, hapo unaiweka malaria pembeni na kutafuta kwa bidii ni nini.

Na kumpa dawa bila kupima, hapana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza popote kipimo kinapopatikana. Ukimpa dawa ya malaria mwenye nimonia, unampotezea siku ambazo hana.

Nesi_wa_Zamu
Nakubaliana na mengi ya Mtu wa Maabara. Niongeze upande wa kipimo chenyewe, maana majibu mengi ya "hana" yanatoka mezani.

Kwanza tarehe ya mwisho na pakiti. Kipimo kinafunguliwa dakika ileile kinapotumika. Kikiachwa wazi kinanyonya unyevu na kinapoteza nguvu. Ndani ya pakiti kuna kifuko kidogo cha kukausha unyevu, na aina nyingi chembe zake hubadilika rangi zikishalowa. Ukiikuta imebadilika, kipimo kile ni cha kutupa. Vilevile boksi lililokaa siku nzima kwenye gari lililofungwa juani si la kuaminika.

Kidole ni cha pete, pembeni mwa ncha. Ukishapaka spiriti acha ikauke kabisa. Watu wanachoma kidole kikiwa bado kimelowa, damu inachanganyika na spiriti na kutawanyika badala ya kusimama kama tone. Aina nyingi zinataka mikrolita 5 tu za damu, yaani ule mrija mdogo ujazwe hadi kwenye alama. Damu inaingia kwenye kitundu kidogo, dawa ya kimiminika inaingia kwenye kitundu kikubwa. Idadi ya matone ni ile iliyoandikwa kwenye boksi hilohilo. Usichukue chupa ya aina nyingine eti kwa sababu ya kwanza imeisha.

Ukizidisha damu, dirisha linabaki jekundu na mstari mwembamba unapotea humo. Ukipunguza damu, unaweza kumkosa mwenye vimelea vichache. Kisha kuna haraka ya kusoma, na hili nadhani ndilo linaloharibu majibu mengi kuliko yote. Mstari wa C, unaoonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi, hutangulia kutokea ndani ya dakika chache, mpimaji akiuona peke yake anaandika "hana" na kuita anayefuata. Maelekezo mengi yanataka dakika 15 au 20, na mstari hafifu wa T, ambao ndio wa malaria, mara nyingi unajitokeza mwishoni mwa muda huo. Ukipita sana muda ulioandikwa nao si sahihi, kwa sababu mistari ya uongo hujitokeza kadiri kinavyokauka. Na mstari wa C usipotokea kabisa, hakuna jibu hata kama T imechora. Rudia kwa kipimo kingine.

Mlangowazi, muulize shemeji: jana alisubiri dakika ngapi?

Mlangowazi
Nimemuuliza. Anasema alichomwa, akaambiwa akae, na kabla hajamaliza kuongea na simu akaitwa kupewa jibu. Hajui dakika, ila hazikuwa nyingi.

Kengele
Sawa, la vipindi nimeelewa. Lakini hamjasema kitu kimoja: parasetamoli. Shemeji kama alimeza parasetamoli kabla ya kupimwa, homa imeshuka, vimelea vimelala, kipimo hakioni. Inabidi aache dawa homa ipande kwanza ndipo akapime. Zamani ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa.

Nesi_wa_Zamu
Hapana kaka. Parasetamoli inashusha joto tu, haigusi kimelea, na kipimo hakijali joto la mwili. Aende kupima akiwa na homa au bila homa, mradi ilikuwepo ndani ya siku mbili zilizopita. Kumnyima mtu dawa ya homa ili "ipande" ni kumtesa bure.

Inayoharibu jibu ni dawa ya malaria yenyewe iliyomezwa nusu. Vidonge vichache vilivyobaki kabatini vinapunguza vimelea hadi darubini isivione, lakini havimalizi ugonjwa. Mgonjwa anapata nafuu ya siku chache, kisha anarudi akiwa hoi.

Wapo pia ambao hata dakika 20 zikitimia hatuliamini jibu la "hana" moja kwa moja. Mjamzito ni mmoja wao, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na damu ya kidoleni inaweza kuonyesha vichache mno.

Mtu_wa_Maabara
Na kuna maeneo ambako falsiparamu yenyewe haitoi ile protini, kwa hiyo kipimo cha kuitafuta hakiwezi kuchora hata damu ikijaa vimelea. Vimelea hivyo viligundulika Amazoni ya Peru, na Eritrea, Jibuti na Ethiopia wamesumbuliwa nalo sana. Kama safari ya shemeji ilikuwa upande huo, apimwe kwa darubini au kwa kipimo kinachotafuta protini ya aina nyingine.

Nesi_wa_Zamu
Sasa kuhusu mtoto, hapa natofautiana kidogo na uzi ulivyokwenda, kama vile yeye ameshapata jibu. Mimi ningempima malaria leo leo. Mlangowazi amesema malaria ipo wanapoishi. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi malaria kali ndani ya siku moja. Kumchoma kidole ni kazi ya dakika 20.

Mtu_wa_Maabara
Ningekubaliana nawe bila kusita kama wangekuwa mahali penye malaria nyingi. Huko kila homa ya mtoto inapimwa, kamasi au bila kamasi. Ila penye malaria kidogo, mwongozo wa matibabu ya watoto unaruhusu kumsubiri yule ambaye hajasafiri, homa yake ina sababu inayoonekana wazi, na hana dalili ya hatari. Huyu kamasi zinachuruzika, anakohoa, na homa ikishuka anacheza. Ningempa hadi siku ya tatu. Homa ya mafua kwa kawaida huanza kuachia siku ya tatu au ya nne, kikohozi ndicho kinachobaki nyuma hata wiki mbili. Isipoachia, au ikiachia kisha ikarudi kwa nguvu, apimwe.

Na tusiifanye malaria kuwa kitu pekee cha kuogopa. Kwa mtoto anayekohoa na ana homa, mimi ningeanza na pumzi. Akiwa ametulia, halii, mwinulie nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano akifika pumzi 40 kwa dakika au zaidi, au mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta hewa, apelekwe kwa sababu ya nimonia. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto hawapumui kwa mpangilio.

Nesi_wa_Zamu
Mwongozo naujua. Ila "malaria si nyingi" ni maneno ya mwenye nyumba, si takwimu, na shida yangu na siku tatu ni kwamba wazazi wengi huanza kuhesabu upya kila homa inaposhuka kwa parasetamoli. Mlangowazi, ukiamua kusubiri, siku ya kwanza ni jana. Asipoweza kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akiwa mlegevu asiyeamka vizuri, viganja vikiwa vyeupe, mkojo ukawa mweusi kama kahawa au macho yakawa ya njano, hakuna kusubiri tena. Unakwenda usiku huohuo. Shemeji naye ni hivyohivyo, na kwake ongeza kuchanganyikiwa: mtu mzima mwenye homa akianza kujibu mambo yasiyoulizwa, msimwache alale eti apumzike.

Bi_Subira
Nesi, hivi kwa nini mafua tuyaache tu? Si bora mtoto apewe antibayotiki kabisa, na aspirini kidogo homa ishuke?

Nesi_wa_Zamu
Antibayotiki haiui virusi vya mafua. Aspirini kwa mtoto mwenye mafua usimpe kabisa, inaweza kuleta ugonjwa wa ghafla wa ini na ubongo. Hata shemeji asiitumie wala asimeze ibuprofeni, kwa sababu bado hatujui kama homa yake si dengi, na dengi na dawa hizo huleta kutokwa damu. Parasetamoli inawatosha wote wawili, kwa kipimo cha uzito.

Mlangowazi
Nimerudi. Shemeji amepimwa tena leo saa nne asubuhi, mahali pengine. Nilikaa naye na saa mkononi, dakika 20 kamili. Mpaka dakika ya kumi kulikuwa na mstari wa C peke yake. Baadaye kwenye T kikatokea kitu kama kivuli, chekundu kwa mbali. Ukikiangalia moja kwa moja unakiona, ukiinamisha kipimo kinapotea. Mpimaji amesema anayo, mwenzake akasema hafifu hivyo si kitu. Nani yuko sahihi?

Mtu_wa_Maabara
Wa kwanza. Mstari wowote wa T uliotokea ndani ya muda ulioandikwa ni malaria, hata uwe hafifu namna gani. Wembamba wake hauonyeshi kama ugonjwa ni mwepesi. Hajatibiwa malaria wiki za karibuni, kwa hiyo hakuna protini ya zamani ya kusingizia. Aombe pia kipimo cha darubini ili vimelea vihesabiwe, lakini dawa isisubiri jibu hilo.

Nesi_wa_Zamu
Na kwa kuwa anatapika, waambie kabla hajapewa vidonge. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi hiyo inarudiwa nzima. Akishindwa kubakisha kitu tumboni, anahitaji sindano na kulazwa, si vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Wakimpa dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, aimeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo lumefantrini hainyonywi vizuri. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake.

Mtoto je, umehesabu pumzi?

Mlangowazi
34, amelala. Homa nyuzi 38.1 kwapani kabla ya dawa. Mama yake anataka apimwe leo hii, baba yake anasema wasubiri kesho.

Nesi_wa_Zamu
Mimi niko na mama yake.

Mtu_wa_Maabara
Mimi kesho asubuhi, ila kesho kweli, hata akiamka anacheza na homa bado ipo.